Thelathini na Sita Ina Tatu Mbele

Penseli zilikuwa mbili, ya bluu kwa namba shufwa na nyekundu kwa witiri. Kazi ilikuwa kuzungushia kila namba duara la rangi yake. Mtoto akazungushia 24 bluu, 17 nyekundu, 48 bluu, 35 nyekundu, 62 bluu, 91 nyekundu. Akafika kwenye 36, akaitazama kidogo, akachukua nyekundu.

"Mwanangu, hii 36 umeipa nyekundu kwa nini?"

"Mwalimu, si ina tatu hapa?" Akaweka kidole juu ya ile 3, akakiacha hapohapo.

Hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Jibu lile limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Watoto wa miaka saba hukosea, ndiyo kazi yao. Kilichonisumbua ni zile namba sita za kwanza.

## Sita kati ya saba

Zitazame tena: 24, 17, 48, 35, 62, 91. Katika kila moja, tarakimu ya mbele na ya nyuma ni za kundi moja. Katika 24, 2 ni shufwa na 4 ni shufwa. Katika 35, 3 ni witiri na 5 ni witiri. Mtoto anayeangalia tarakimu ya mbele peke yake atapata zote sita, bila kujua lolote kuhusu tarakimu inayoamua kweli.

Ni 36 pekee iliyokuwa na tarakimu zinazopingana. Na ni hiyo pekee aliyoikosa.

Kwa hiyo ile alama ya 6 kati ya 7, ambayo mzazi angeifurahia na mwalimu angeipitisha, haikuwa inasema kwamba mtoto ameelewa na kuteleza mara moja. Ilikuwa inasema kwamba ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu, na kanuni yenyewe siyo.

Kuna jambo jingine linalofanya somo hili liwe gumu kupimwa. Majibu ni mawili tu. Mtoto anayebahatisha macho yakiwa yamefumba atapata karibu nusu. Namba saba za kuzungushia rangi haziwezi kunionesha nani anaona na nani anabahatisha, labda zichaguliwe kwa makusudi.

## Kwa nini isiwe ya mbele?

Watoto wengi hupewa kanuni siku ya kwanza kabisa: namba inayoishia na 0, 2, 4, 6 au 8 ni shufwa, inayoishia na 1, 3, 5, 7 au 9 ni witiri. Huimba, hukariri, na kwa namba ndogo mambo huenda vizuri.

Lakini jiweke mahali pa mtoto. Ameambiwa atazame tarakimu. Wiki mbili baadaye anakumbuka kwamba kuna tarakimu ya kutazama, ila ipi? Anasoma kutoka kushoto. "Thelathini na sita": thelathini ndiyo inayotamkwa kwanza, tena ndiyo kubwa zaidi. Kwa nini sita, iliyo ndogo na ya mwisho, ndiyo iamue mambo ya namba nzima?

Hilo ni swali halali, na wimbo wa tarakimu haulijibu.

Jibu lake limo katika jozi tu. Ndiyo maana siku hizi kanuni ya tarakimu ya mwisho naiacha mpaka mwishoni kabisa, baada ya mikono kufanya kazi ya kutosha. Na hata hapo siitoi mimi.

## Tafuta mwenzio

Mchezo wa kwanza hauhitaji vifaa. Watoto wanatembea huku na huku, ninapiga makofi, kila mmoja anamshika mkono mtoto mmoja tu. Halafu ninauliza swali lilelile kila mara: "Kuna aliyebaki?"

Sisemi shufwa, sisemi witiri. Kwa raundi za mwanzo lugha yetu ni "wote wana wenzao" na "mmoja kabaki". Majina mawili mageni yakiingia pamoja na wazo geni, mtoto hutumia nguvu zake zote kukumbuka lipi ni lipi, na jozi zenyewe hazitazami.

Siwachezeshi darasa zima kila mara, kwa sababu darasa zima ni namba moja tu. Naita kikundi cha 6, kisha 9, kisha 11, kisha 12, wengine wakikaa na kubashiri kabla ya makofi. Ubashiri ndio wenye faida. Mtoto aliyesema "atabaki mmoja" anasubiri kuona, na akiona wote wameshikana mikono hukunja uso na kuanza kuhesabu upya.

Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza, marafiki watatu hushikana na kukataa kuachana. Hapo nauliza, "Hii ni jozi?" na darasa lenyewe huamua. La pili ni zito zaidi: anayebaki bila mwenza huwa ni yuleyule mnyonge, raundi baada ya raundi. Mtoto huyo hajifunzi hesabu, anajifunza kwamba hatakiwi. Kwa hiyo aliyebaki ndiye mtangazaji. Anapanda mbele na kutangaza kwa sauti, na majina yanapofika, yeye ndiye anayelitamka la kwanza: "Witiri!" Tangu hapo kuna watoto wanaochelewa kwa makusudi ili wabaki.

Mara nyingine ninaingia mimi mwenyewe. Walikuwa 11, mmoja kabaki, nikamshika mkono. Sasa tuko 12 na hakuna aliyebaki. Akija mwingine tena? Watoto huona wenyewe kwamba kila anayeongezeka hugeuza jibu, na kwamba hali ziko mbili tu zinazopokezana. Hilo ni kubwa, na sikulazimika kulieleza.

Wapo walimu wanaopendelea kuanza na timu mbili badala ya jozi: namba ni shufwa kama inagawika timu mbili zilizo sawa. Euklides, Mgiriki aliyeandika hesabu karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, aliielezea hivyo hivyo. Kwa mtu mzima ni kitu kilekile. Kwa mtoto si kilekile: 6 kwa jozi ni mbili, mbili, mbili, kwa timu ni tatu na tatu. Mimi naanza na jozi kwa sababu anayebaki anaonekana mara moja, halafu nazigeuza kuwa timu kwa hatua moja. Kila jozi iachane mikono, mmoja aende kulia, mwingine kushoto. Timu mbili hizo hapo, ziko sawa. Tutalihitaji hili baadaye kidogo.

## Konzi isiyohesabiwa

Huu ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote, na ndio ulionipa dira.

Kila mtoto anachota konzi moja ya kokoto ndogo. Sharti: usihesabu. Anaziweka mezani na kuziondoa mbilimbili, akizipanga katika safu mbili zinazokwenda sambamba. Mwisho wa safu ama pamelingana, ama kokoto moja imechomoza peke yake.

Msichana mmoja alimaliza safu yake, ikachomoza moja. "Witiri," akasema. Nikamuuliza ni ngapi. Akanitazama kwa mshangao, kwani nilikuwa nimemkataza kuhesabu.

"Sijui ni ngapi. Lakini ni witiri."

Anajua jambo la kweli kuhusu namba ambayo haijui. Kwa mtoto aliyezoea kwamba shufwa ni kitu unachokisoma kwenye tarakimu, hii inageuza mambo yote. Hapa hakuna tarakimu, hakuna wimbo wa kukumbuka. Kuna kokoto moja isiyo na mwenzake.

Mchezo huu pia huniambia upesi nani bado anategemea kukariri. Huyo hawezi kuvumilia sharti. Midomo yake inacheza chini kwa chini, anahesabu kwa siri, kisha anatafuta namba aliyoipata kwenye wimbo. Simkemei. Namwongezea kokoto mpaka zifike zaidi ya anazoweza kuhesabu bila kupotea, na mikono inalazimika kufanya kazi yenyewe.

## Kumi iliyoleta ubishi

Sasa turudi kwenye swali la 36. Njia ya kulijibu inapita kwenye 10, na 10 ina mtego.

Mtoto anapanga kokoto 10. Jozi tano, hakuna iliyobaki. Nauliza: shufwa au witiri? Nusu ya kikundi wanasema shufwa. Mmoja anasema, kwa sauti ya mtu aliyegundua kitu: "Witiri! Jozi ni tano, na tano ni witiri."

Usipuuze hilo. Mtoto amehesabu vizuri, na tano ni witiri kweli. Mwaka 1990 huko Michigan, Marekani, Deborah Ball, mtafiti aliyekuwa pia akifundisha hesabu darasa la tatu, alikutana na mvulana aliyesema kwamba 6 inaweza kuwa shufwa na witiri kwa pamoja, kwa kuwa imeundwa na mbili tatu. Badala ya kumnyamazisha, aliliachia darasa lijadili, na mjadala ule umekuwa ukisomwa na walimu tangu wakati huo. Watoto wale walikuta kwamba 2, 6, 10 na 14 zina tabia yao maalumu kweli: idadi ya jozi zake ni witiri. Mvulana alikuwa ameona kitu kilichopo, ila alikiita kwa jina ambalo tayari lina kazi nyingine.

Pale mezani kwetu njia fupi ilikuwa kurudi kwenye timu. Nikamwambia mtoto aachanishe jozi zake tano, moja kulia, moja kushoto. Tano huku, tano kule. Ile tano aliyoihesabu ni ukubwa wa kila timu, haisemi kitu kuhusu anayebaki. "Tunauliza jozi ziko ngapi," nikamuuliza, "au tunauliza kuna aliyebaki?" Akafikiri. "Kuna aliyebaki." Akazitazama kokoto. "Hakuna."

Baada ya hapo tukaingia kwenye makumi. Hapa umbo la kifaa lina uzito kuliko nilivyodhani. Kijiti kimoja kirefu cha miraba 10 iliyopangwa mstari mmoja huficha jozi zote, mtoto huona kitu kimoja. Fremu ya miraba 10 iliyopangwa miwili kwa mitano huonesha jozi tano bila kusema neno. Nilizikata kwenye karatasi ya miraba, na miraba moja moja pembeni kwa ajili ya mamoja.

Nikampa yule mtoto wa penseli nyekundu fremu tatu na miraba sita. Thelathini na sita yake mwenyewe.

Alichofanya kwanza kilinieleza yote niliyokuwa natafuta. Alichukua fremu mbili akaziweka pamoja. "Hizi zina wenzao." Akaigusa ya tatu. "Hii imebaki."

Alikuwa anapanga makumi kwa jozi, kama vile kila kumi ni mtu mmoja!

Kwa hiyo kosa lake lilikuwa na kina kuliko kusahau tarakimu ipi itazamwe. Ile 3 ya mbele alikuwa anaisoma kama vitu vitatu, na vitu vitatu huacha kimoja. Ukiuliza makumi matatu yakae mawili mawili, ni kweli moja litabaki bila kumi jingine. Lakini sisi tunapanga miraba, siyo fremu.

"Hii iliyobaki ina nani ndani?" nikamuuliza.

Akaigeuza fremu. Akapitisha kidole kwenye mistari, wawili, wawili, wawili, wawili, wawili. Kimya kikawa kirefu kidogo.

"Wote wana wenzao humu humu."

Akaitenganisha ile fremu na nyingine mbili, akazipitia hizo nazo, kwa upole, ingawa jibu alishalipata. Kisha akageukia miraba sita, akaipanga. Tatu, hakuna iliyobaki. Nikaongeza fremu ya nne. Inabadilika? Hapana. Ya tano? Hapana. Nikaondoa mraba mmoja kati ya ile sita, akacheka kabla sijauliza.

Hapo ndipo kanuni ya tarakimu ya mwisho inapozaliwa, na mtoto ndiye anayeizaa. Makumi hujimaliza yenyewe, yawe mangapi. Anayeweza kubaki peke yake yuko kwenye mamoja tu. Yeye alisema kwa maneno yake: "Mwalimu, hizi kubwa hata usiziangalie."

Si kila mtoto hufika hapo kwa kikao kimoja. Wapo wanaokubali kwa 36 na kurudi kulekule kwa 52, na fremu hulazimika kutoka tena. Wengine hukwama kwenye 30, kwa sababu sifuri mwishoni wanaisoma kuwa hakuna kitu, na hakuna kitu kinawezaje kuwa shufwa? Fremu tatu mezani, hakuna mraba hata mmoja pembeni: kuna aliyebaki? Hakuna. Hilo linatosha kwa 30, na linatosha kwa 0 yenyewe pia, siku watakapouliza.

## Karatasi ya mazoezi

Karatasi ninayoitumia sasa ni nusu ukurasa. Mtoto wa miaka saba akiona ukurasa uliojaa, hukimbilia kumaliza.

Juu kuna makundi mawili ya nukta zilizotawanyika ovyo, 13 na 16, na maelekezo ya kuzungushia mbilimbili. Zisiwe zimepangwa. Nukta zilizokwisha kupangwa kwa safu mbili humfanyia mtoto kazi yote.

Chini yake kuna namba sita: 14, 41, 30, 27, 72, 63.

Kila moja ina tarakimu zinazopingana, na hilo ndilo lililokosekana kwenye ile karatasi ya mwanzo. Faida yake huonekana wakati wa kusahihisha. Anayetazama tarakimu ya mbele atakosa zote sita, na mtoto anayekosa zote habahatishi: ana kanuni, imegeuzwa tu, na nusu saa na fremu huweza kuigeuza tena. Anayebahatisha atakuwa na karibu tatu, huku na huku. Yupo na wa tatu, anayesema witiri kila anapoona 1, 3 au 7 mahali popote. Huyo atapatia 41, 27 na 63, na kukosa 14, 72 na 30. Alama yake ni tatu sawa na ya anayebahatisha, lakini ukitazama ni zipi alizokosa, unaona shufwa zote ndizo zilizoanguka. Kwa hiyo siandiki alama juu ya karatasi kabla ya kutazama mpangilio wa makosa.

Swali la mwisho ni moja, na nafasi tupu chini yake: chagua namba moja kati ya hizo, chora uoneshe kama kuna aliyebaki. Wengi huchagua 14 kwa kuwa ni ndogo, na ni sawa. Ninachotazama ni kama wamechora nukta 14 zilizochangamana au fremu moja na nukta nne. Aliyechora fremu na kuziacha zile kumi bila kuzigusa, akahangaika na nne peke yake, huyo ameshafika.

Msamiati hautokei kwenye karatasi mpaka kwenye mistari ya majibu. Hata hapo, mtoto akiandika "mmoja kabaki" badala ya witiri, naweka alama ya vema.

## Viwili vilivyochomoza

Baada ya karatasi bado kuna safu za kokoto mezani, na watoto huendelea kuzichezea. Wawili walikuwa na safu zilizochomoza, mmoja 7, mwingine 5. Wakazisogeza ncha kwa ncha, ile iliyochomoza huku ikakaa kando ya iliyochomoza kule, na mwisho pakalingana.

"Wamepatana!"

Nikawauliza kama itakuwa hivyo kwa witiri zozote mbili, au kwa 7 na 5 tu. Mmoja akakimbilia kujaribu 9 na 3. Mwenzake hakujaribu kitu. Alisema haina haja, kwa sababu kila witiri ina mmoja tu aliyebaki, na wawili waliobaki ni jozi.

Kisha akaja wa tatu na safu yake ya kokoto 3, iliyochomoza nayo, akauliza yeye akae wapi.